Mita Ilikuwa ya Kijani, Hotuba Imepasuka

Mwalimu yule alifundisha katika shule moja ya msingi mkoani Tanga kwa miaka 31, na miaka yote hiyo hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Alipoongea mstarini asubuhi watoto wa darasa la kwanza walimsikia, na akina mama wauza vitumbua nje ya uzio walimsikia pia. Siku ya kuagwa kwake akapewa maiki. Akaishika kama wanavyoishika wengi wasioizoea, karibu kuigusisha mdomoni, kisha akahutubia kwa dakika 14 kwa sauti ile ile ya mstarini.

Kijana aliyekodiwa kurekodi shughuli alikuwa amevuta waya kutoka kwenye miksa ya spika na kuuchomeka kwenye rekoda yake ndogo. Wiki mbili baadaye binti wa mwalimu aliniletea sauti hiyo. Tuliisikiliza sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaniomba niizime. Maneno yote yalisikika, lakini kila neno lilikwaruza kama linatoka kwenye spika iliyochanika ya daladala.

Nilimpigia simu kijana.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Hivi ile hotuba ya mwalimu, mita ya rekoda uliitazama?”

“Niliitazama muda wote, kaka. Mwanzoni iliwaka nyekundu, nikapunguza. Kuanzia hapo ilikuwa ya kijani mpaka anamaliza.”

Nilimwamini, na nilipolifungua faili nikakuta kwamba kila alichoniambia kilikuwa kweli. Jinsi mita ya kijani ilivyoweza kuzaa sauti iliyopasuka ndiko kulikoamua namna nilivyoitibu.

Dari

Sauti ikiingia kwenye rekoda huwa ni umeme unaopanda na kushuka, na rekoda huupima umeme huo mara 48,000 kwa kila sekunde. Kila kipimo ni sampuli, nacho huandikwa kama namba. Katika faili la biti 16, namba kubwa kuliko zote upande wa juu ni 32,767, na upande wa chini ni -32,768. Juu ya hapo hakuna namba nyingine. Wimbi likitaka kufika 42,000, rekoda huandika 32,767, kisha 32,767 tena, na tena, mpaka wimbi lenyewe lirudi chini ya dari. Ukilikuza kwenye kioo cha kompyuta, kilele kilichopaswa kuwa na mviringo kama kichuguu utakiona kimekatwa bapa, kama kisiki kilichopigwa msumeno.

Kinachoumiza sikio ni zile kona mbili za kisiki. Wimbi la asili halina kona. Likitiwa kona, ndani yake huzaliwa sauti nyingine ambazo msemaji hakuzitoa. Irabu a ya mwanamume huwa na nguvu nyingi karibu na mitetemo 700 kwa sekunde. Ukiikata vilele, huzaa nyingine za mitetemo 2,100, 3,500 na kuendelea, na masafa hayo ndiyo sikio la binadamu linayoyasikia kwa ukali kuliko yote. Ndiyo maana sauti iliyopasuka huchosha hata ukiicheza polepole. Kupunguza sauti ya spika hukifanya kisiki kuwa kifupi, lakini kona zake hubaki vilevile.

Si kila kitu katika usemi hugonga dari. Herufi s, f na sh zina nguvu ndogo, hivyo hupita salama. Irabu ndizo zinazoumia, hasa a kwa kuwa mdomo hufunguka wote. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mtu aliyezoea kazi hii anaweza kusoma maandishi ya hotuba na kukisia mapema wimbi litakuwa limekatwa wapi. Katika “nawashukuru sana”, ni *ku* na *sa* ya mwisho. Katika “wazazi wangu”, ni *za* na *wa*. Nilipofungua hotuba ya mwalimu, visiki vilikaa hapo hapo, silabi baada ya silabi, na katikati yake konsonanti zimetulia bila jeraha.

Mwanasaikolojia Mmarekani J. C. R. Licklider, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa mchango wake katika mwanzo wa mitandao ya kompyuta, alichapisha mwaka 1946 majaribio kuhusu jambo hili. Aliikata sauti ya usemi kupita kiasi, mpaka wimbi likabaki la juu au la chini tu, bila kitu katikati. Wasikilizaji waliendelea kuyatambua maneno mengi. Kwa hiyo hotuba iliyopasuka haijapoteza maneno. Kazi ya fundi ni kuifanya isikilizike bila mateso, na kazi hiyo ina kikomo chake: kama neno halikusikika kabla ya kutengenezwa, ni nadra lisikike baadaye.

Kijani ilivyodanganya

Dakika mbili za kwanza za faili hazikunishangaza. Vilele vyote vilikuwa vimenyooka kama vimepigwa rula, kila sampuli ya juu ikiwa 32,767 kamili. Hapo ndipo taa nyekundu ilipowaka na kijana akapunguza. Baada ya hapo wimbi zima lilishuka na likaonekana lina nafasi ya kutosha juu yake. Nilipolikuza, nikaona vilele bado ni bapa. Safari hii havikuwa vimegonga 32,767. Vilikuwa vimegonga dari nyingine, karibu na 20,700, yaani desibeli 4 chini ya ile ya kwanza.

Vilele bapa vilivyo chini ya dari ya faili vina maana moja: sauti ilikatwa kabla ya kufika mahali inapopimwa. Waya kutoka kwenye miksa hubeba umeme wa takriban volti moja. Maiki hutoa milivolti chache tu. Kijana alikuwa ameuchomeka waya wa miksa kwenye tundu la maiki badala ya tundu la laini, na nyuma ya tundu la maiki kuna kikuza umeme kilichojiandaa kupokea kitu kidogo mara mamia. Kikuzaji kile kilielemewa, kikavikata vilele chenyewe, kikaipitisha sauti iliyokwisha kupasuka. Kitufe alichokipunguza kijana kilikuwa baada ya kikuzaji hicho. Alikishusha kisiki, wala hakumzuia mwenye msumeno. Na mita, ambayo hupima urefu tu, ikaonyesha kijani kwa haki kabisa.

Sababu ya pili niliipata kwenye sekunde chache za mwanzo, kabla shughuli haijaanza. Fundi wa spika alijaribu maiki kwa ile “moja, mbili, moja, mbili” ya kila siku, kwa sauti ya kuongea na kwa umbali wa kama sentimita 20. Umbali ukipungua nusu, sauti inayoingia kwenye maiki huongezeka kwa desibeli 6, yaani mara mbili. Kutoka sentimita 20 hadi 5 kuna nusu mbili, kwa hiyo mara nne. Na hapo bado hujaweka ile sauti ya mstarini. Jaribio la maiki linalofanywa na mtu mpole kwa niaba ya mtu mkali halijapima kitu.

Nawasimulia haya kwa kirefu kwa sababu programu nyingi za sauti zina kitu cha kuonyesha vilele vilivyokatwa, na watu hukiamini. Katika Audacity, ambayo ni ya bure na wengi wanayo, ukiwasha `Show Clipping in Waveform` utaona mistari myekundu mahali sauti ilipogonga dari ya faili. Kwenye hotuba ya mwalimu, mistari ilijaa katika dakika mbili za kwanza, kisha dakika 12 zilizofuata zikabaki safi, bila mstari hata mmoja. Programu haikuona kosa, kama mita ilivyoshindwa kuliona. Sikio liliona. Ukisikia mkwaruzo na programu ikakuambia hakuna shida, kuza wimbi mpaka uone sampuli moja moja, halafu tafuta silabi yenye mkazo.

Vilele vilivyokatwa na kikuza umeme vina alama yao. Havinyooki kabisa. Hapa sampuli moja ilikuwa 20,640, inayofuata 20,671, kisha 20,690, kisha 20,683. Juu pameinama kidogo, kama bati la zamani. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini mtengenezaji lazima aijue, kwa sababu programu ikiambiwa itafute namba zinazofanana kamili, haitavipata visiki hivi.

Kufuma palipotoboka

Sasa kwenye ukarabati. Hebu tuchukue kilele kimoja kutoka zile dakika mbili za mwanzo, kwenye *sa* ya “sana”. Sampuli zilikuwa zinapanda hivi: 21,000, kisha 28,500, kisha zikaja sita za 32,767 mfululizo, halafu zikashuka 29,000 na 20,500. Sita kati ya 48,000 ni kama sehemu moja ya nane ya milisekunde. Hizo sita ni uongo. Ukweli uliobaki uko pande mbili: tunajua wimbi lilipanda kwa kasi gani kabla ya kugonga dari, na tunajua lilishuka kwa kasi gani baada ya hapo.

Kutoka 21,000 hadi 28,500 wimbi lilipanda 7,500 kwa hatua moja. Kitu kinachopanda kwa kasi hiyo hakisimami ghafla. Ukichora mstari unaopinda taratibu, unaoendeleza mpando ule na kukutana vizuri na mshuko wa upande wa pili, unapata kitu kama 34,600, 39,000, 41,600, 42,100, 40,300, 36,000. Kilele hicho hakikurekodiwa popote, ni makisio. Lakini ni makisio yaliyobanwa pande zote mbili, na kilele cha kweli hakiwezi kuwa mbali sana nacho.

Hivi ndivyo inavyofanya kazi `Clip Fix` ya Audacity. Inatafuta visiki, inatazama sampuli chache kila upande, inachora mpindo. Ina vitu viwili tu vya kupanga. Cha kwanza, `Threshold of Clipping`, kinaiambia programu ianze kuhesabu kisiki kutoka asilimia ngapi ya kilele kikubwa kuliko vyote katika kipande ulichochagua. Chenyewe huja kimewekwa 95. Cha pili ni kiasi cha kuishusha sauti nzima ili vilele vipya vipate pa kukaa, na huja kimewekwa desibeli 9. Hicho cha pili usikiondoe. Kilele chetu cha 42,100 kimepita dari kwa desibeli 2 na kidogo. Usiposhusha kwanza, ukihifadhi faili la biti 16 kilele ulichokijenga kwa taabu kitakatwa tena pale pale, na utaapa kwamba programu haifanyi kazi.

Kwa sababu hotuba ilikuwa na dari mbili, niliigawa mara mbili. Kipande cha kwanza nilikichagua peke yake, nikakiendesha kwa asilimia 95. Cha pili nikakiendesha peke yake ili kilele chake kikubwa kiwe kile cha 20,700, nacho nikakishusha hadi asilimia 93 kwa ajili ya ule mwinamo wa bati. Ningeviendesha vyote pamoja, programu ingepima dari kwa kipande cha kwanza, na zile dakika 12 zingepita bila kuguswa.

Kipande cha pili hakikupona vizuri. Visiki vyake vilikuwa virefu, vingi vikiwa na sampuli 15 hadi 20, na mpindo unaochorwa kwa kutazama sampuli chache za pembeni huwa ni kubahatisha pengo linapokuwa pana kiasi hicho. Mara hupanda kupita kiasi, mara huinama kabla ya wakati. Hapo panahitaji njia nyingine.

Mwaka 1986 watafiti watatu wa maabara ya Philips huko Eindhoven, Uholanzi, Janssen, Veldhuis na Vries, walichapisha njia ya kujaza sampuli zilizopotea. Ilikuja wakati CD bado ni kitu kipya, na tatizo la namba zinazokosekana lilikuwa la kila siku. Wazo lao nalielezea kwa mkeka. Mkeka ukitoboka, fundi hatazami tundu. Anatazama ukili unavyokuja kutoka pande zote, unavyopishana, rangi gani inafuata rangi gani na baada ya michilizi mingapi, kisha anafuma palipotoboka kwa kufuata mpango ule ule. Irabu nayo ina mpango. Kwa muda wa milisekunde 20 au 30 mdomo hausogei sana, na wimbi linajirudia karibu vilevile. Kompyuta hujifunza kutoka kwenye sampuli nzima za eneo hilo ni kwa uzito gani kila sampuli huifuata ile iliyotangulia, halafu hutafuta namba za kujaza pengo ambazo zinavunja mpango huo kidogo iwezekanavyo. Hurudia: inajaza, inajifunza upya, inajaza tena.

Njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mapengo, na kisiki si pengo tupu. Kuna kitu tunachokijua kuhusu kila sampuli iliyokatwa: thamani yake ya kweli ilikuwa juu ya dari. Mwaka 1991 Jonathan Abel na Julius Smith walionyesha namna ya kuitia elimu hiyo ndani ya hesabu, kama sharti. Bila sharti, kompyuta inaweza kujaza kisiki kwa bonde, jambo lisilowezekana, maana bonde lisingegonga dari.

Programu za kulipia zinazotumiwa na studio zina ufundi wa jamii hii. Kwa asiyetaka kulipa kuna ffmpeg, ambayo haina vitufe, unaiandikia amri. Kipande cha pili nilikitengeneza kwa amri hii:

```
ffmpeg -i hotuba.wav -af "adeclip,volume=-9dB" safi.wav
```

Neno `adeclip` ndilo fundi wa mkeka. Huigawa sauti katika vipande vya milisekunde 55 vinavyopandiana, na ndani ya kila kipande hutafuta lenyewe mahali sampuli zilipolundikana kwenye dari. Halihitaji kuambiwa dari iko wapi, na hilo lilinifaa. Sehemu ya `volume` hushusha sauti baada ya matengenezo, kabla haijaandikwa kwenye biti 16. Ukizitenganisha na kuhifadhi faili katikati, unarudi kwenye kosa la kukata mara ya pili.

Fanya matengenezo haya kabla ya kitu kingine chochote. Nimepokea hotuba ambazo mtu ameshaziondolea mvumo wa feni, ameshaziongezea besi, ameshazibana, kisha anauliza kama mkwaruzo nao unaweza kuondoka. Kila kimoja cha vitu hivyo huvitikisa visiki. Mmoja huinuka, mwingine hulala upande, na fundi wa mkeka hajui tena tundu linaanzia wapi. Mvumo wa feni unaweza kusubiri.

Ili kujua kama umetibu au umeharibu, kuna jaribio moja rahisi ambalo siliachi. Chukua sauti ya awali, ishushe desibeli zile zile 9, ipindue juu chini kwa `Invert`, uicheze pamoja na ile iliyotengenezwa. Kila kisichoguswa kitajifuta, na kitakachobaki ni kile ulichoongeza peke yake. Kinatakiwa kusikika kama kuni mbichi zinazopasuka motoni, kwa mapigo ya silabi zenye mkazo, na kati ya mapigo kuwe kimya. Ukianza kusikia herufi s, au maneno kamili ya hotuba, ujue umeigusa sauti iliyokuwa nzima. Rudi upandishe asilimia.

Mara ya kwanza kwenye hotuba ya mwalimu nilisikia s. Nilikuwa nimekwenda hadi asilimia 85 kwa tamaa ya kumaliza kila mkwaruzo, na programu ikawa inavijengea vichuguu vilele vilivyokuwa vizima. Msikilizaji wa kawaida angesema sauti imelainika. Mimi niliona mwalimu amevimba mashavu.

Palipobaki

Baada ya siku moja na nusu, sehemu kubwa ya hotuba ilikuwa inasikilizika. Irabu zilirudi kuwa na mviringo wake, na kwa uchakavu uliobaki nilipunguza kidogo masafa ya kati ya mitetemo 2,000 na 4,000. Nililipunguza kwa desibeli 3 tu. Ukizidisha, konsonanti zinazama na msemaji anaonekana amevaa shuka usoni.

Sehemu tatu hazikupona. Mbili zilikuwa mipasuko ya herufi p na b, pale pumzi ya mdomo inapoipiga maiki moja kwa moja. Pumzi ile hutikisa taratibu sana, kwa hiyo kisiki chake si cha sampuli 6 wala 20. Nilihesabu kimoja: kilikuwa na sampuli 310, zaidi ya milisekunde 6. Ndani ya muda huo sauti yote iliyokuwa imepanda juu ya pumzi ilifutika, na hakuna ukili wa kufuata, kwa kuwa pengo ni pana karibu sawa na mzunguko mzima wa sauti ya mwanamume. Hapo niliwacha mpasuko, nikaushusha sauti kwa mkono, neno kwa neno.

Ya tatu ilikuwa mwisho. Mwalimu alipofika kwenye “kwaherini wanangu” alipaza sauti kuliko mahali pengine popote, na kwenye silabi *ri* na *na* wimbi lilikuwa ukuta mtupu, juu na chini. Matengenezo yalitoa kitu kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilimuuliza binti yake kama kuna mtu mwingine aliyerekodi. Akaniambia shemeji yake alikuwa amekaa safu ya nne na simu mkononi. Sauti ya simu ile ilikuwa na mwangwi wa ukumbi na mtoto aliyekuwa akilia, lakini vilele vyake vilikuwa vizima, kwa sababu safu ya nne ni mbali. Niliyakata maneno yale mawili kutoka kwenye simu, nikayapanga juu ya yale ya rekoda kwa kulinganisha mwanzo wa k, nikayaingiza. Mtu akisikiliza kwa makini atasikia chumba kinabadilika kwa sekunde moja na nusu. Binti alisikia, akasema iache hivyo hivyo.

Wasomaji wengine watauliza kuhusu rekoda mpya zinazoandika biti 32 za aina ya nukta inayoelea, ambazo zimeenea tangu karibu mwaka 2019. Kwenye faili la aina hiyo dari ya namba iko mbali mno kiasi kwamba huwezi kuigonga kwa sauti ya binadamu, na aliyerekodi kwa nguvu hushusha tu baadaye. Zinasaidia kweli. Lakini kama sauti imekatwa ndani ya miksa au ndani ya maiki yenyewe, rekoda itaandika kisiki kwa usahihi mkubwa. Kijana wetu angesaidiwa zaidi na tundu la laini, ambalo lilikuwa upande wa pili wa rekoda ile ile, na kizibo chake hakijawahi kufunguliwa.

Kuna jambo moja lililokaribia kuniharibia kazi yote, nalo nalisema kwa sababu linanipata kila mwezi. Faili la kwanza nililoletewa lilikuwa limepitia WhatsApp. Sauti ikipita huko husagwa ili iwe nyepesi, na katika kusagwa visiki hupoteza unyoofu wake: kimoja kinapanda kidogo, kingine kinashuka, kona zinafutika kwenye kioo ingawa mkwaruzo unabaki sikioni. `adeclip` ilitafuta dari ikakosa, ikanirudishia hotuba kama ilivyoingia. Ilibidi kijana aitafute kadi ya rekoda, na bahati ilikuwa kwamba hajaifuta kwa ajili ya harusi ya Jumamosi iliyofuata.

Kwa hiyo ukiwa na hotuba ya namna hii nyumbani, usimtumie fundi kwa simu. Mpelekee kadi, na mwambie aiweke nakala yake pembeni kabla hajagusa kitu.